Etiketi Nyekundu kwenye Mashini Nzima

Jambo zima liligharimu dola mia mbili na arobaini, pikipiki moja, na mashini moja ya oksijeni iliyokuwa inafanya kazi. Nimehesabu mara mbili. Mwenye ukali wa hesabu ataniambia kwamba dola na pikipiki ni kitu kimoja, kwa sababu pikipiki ndiyo iliyogeuka dola. Ni kweli. Lakini mimi nilivipoteza kila kimoja kwa siku yake, basi niachieni vibaki vitatu.

Nilikuwa lojistisien wa shirika dogo lililosaidia vituo vya afya upande wa Mugunga na barabara ya Sake. Depo yetu ilikuwa Himbi, nyumba ya ghorofa moja yenye hangari nyuma, na kutoka kwenye geti ukinyoosha shingo unaona ziwa. Kazi yangu, ukiivua nguo za Kifaransa, ilikuwa kujua kila kitu kiko wapi na kina hali gani. Tulikuwa na daftari la mali, na kila kitu kina mstari wake humo: namba yetu, namba ya kiwandani, mwaka kilionunuliwa, bei, fedha ilitoka kwa nani, kiko chumba gani, nani anakichunga, ni kizima au kibovu. Nililihakiki kwa njia mbili, kama inavyotakiwa. Kwanza unatoka kwenye daftari unakwenda kutafuta kitu. Halafu unaanza upya, unatoka kwenye kitu unakwenda kutafuta mstari wake. Ukifanya njia ya kwanza tu, utajua kilichopotea. Ila hutajua kilichojificha.

Fundi wetu wa mashini za hospitali alikuwa na sheria yake ya rangi. Mashini aliyoipima na kuikubali, anaibandika etiketi ya kijani. Aliyoihukumu, nyekundu, na inahamia kwenye kona ya hangari tuliyoiita makaburi. Hata mama aliyekuwa akiuza fufu na maharage kwenye geti letu, kwa ajili ya wapakuzi wa malori, alizijua rangi hizo. Wapakuzi walizijua. Mtaa mzima ulizijua. Tulijisifu kwamba utaratibu wetu unaeleweka hata na asiyesoma.

Hilo ndilo lililotutia hofu juma lile mabomu yalipofika karibu na mji. Watu wa ofisi walishavuka mpaka. Fundi alishaondoka na familia yake. Tulibaki wawili pale depo, mimi na mlinzi, muzee mmoja wa milima ya Masisi ambaye alikwisha kuhama mara nyingi hata alisema yeye mwenyewe anastahili etiketi.

"Papa," akaniambia, "wezi watakuja. Si jeshi nasema. Majirani. Na majirani beko banajua kijani."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Tulikuwa na mashini nne za oksijeni: mbili nzima, mbili zilizokufa. Hizi ni mashini zinazovuta hewa ya chumbani, zinaichuja, zinatoa oksijeni kwa bomba hadi puani mwa mtoto. Kwa sura, nzima na mfu ni mapacha. Tukabandua etiketi. Nyekundu tukaziweka kwenye mashini nzima na kuzisukuma makaburini, nyuma ya vitanda vilivyovunjika na friji isiyo na mlango. Kijani tukaziweka kwenye zile mbili mfu, tukazipanga mbele, safi, kama mabibi harusi. Muzee alizifuta vumbi kwa shati lake.

Walikuja kweli. Mimi sikuwapo, nilikuwa chini ya kitanda nyumbani na wanangu. Muzee aliwafungulia geti mwenyewe, ili wasilivunje, jambo ambalo mpaka leo naliona ni usimamizi bora wa mali. Walichukua godoro, mchele, kompyuta, kabati la dawa pamoja na kila kilichokuwa ndani yake. Walichukua mashini mbili za kijani. Zile nyekundu waliziruka. Mmoja alipiga teke moja ya hizo na kusema, "Hii ni maiti, achaneni nayo."

Tulipokutana na muzee baada ya mitaa kutulia, tulicheka mpaka tukakaa chini. Ndiyo mara ya mwisho nilipocheka na muzee kwa ajili ya jambo hili.

*

Kosa lilifanyika bila mtu kuliona, na lilipitia kwenye simu yangu. Makao makuu yalitaka picha haraka: kila kilichobaki, hali yake, kwa ajili ya tangazo la hasara. Nikazunguka hangari nikapiga picha kila kitu kama kilivyosimama. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni mwenye haya. Nikatuma picha usiku uleule zilipokubali kwenda, na maelezo niliyaandika ya kutuma kesho. Kesho mtandao ukakatika. Ulipokuja kurudi, barua iliyokuja nayo ilisema mradi unafungwa. Wafadhili wamesimamisha. Watu wote, kwaheri. Kilichobaki ni faili la mali: ripoti ya mwisho inayosema kipi kiuzwe, kipi kitengenezwe, kipi kikabidhiwe vituo vya afya, kipi kifutwe.

Ripoti ya namna hiyo si ya kubuni. Grupe letu, yaani jenereta, lilikuwa na pampu mbovu ya mafuta, likiwaka linazima baada ya muda. Bei ya pampu ilikuwa ndogo kuliko thamani iliyobakia, basi likaandikwa litengenezwe na likabidhiwe. Pikipiki mbili za shirika zilikwisha thamani kwenye daftari lakini barabarani bado zinakimbia: ziuzwe, kwa bei zilizofungwa kwenye bahasha, zifunguliwe mbele ya kamati, na mtu wa kamati asinunue. Friji isiyo na mlango: ifutwe. Na kwa mashini za hospitali kuna sheria ya ziada, nayo ni ya haki kabisa: mashini ya tiba iliyofutwa haiuzwi kwa mtu. Inaharibiwa mbele ya mashahidi, inapigwa picha ikiwa imevunjika, namba yake ya kiwandani ikisomeka, ili kesho isije ikafungwa puani mwa mtoto na kumpulizia hewa ya chumba tu.

Bwana wa mali wa makao makuu, ambaye sikuwahi kumwona ila kwenye kioo cha simu, aliiandaa ripoti yeye mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine. Alikuwa na daftari, alikuwa na picha zangu. Akaandika: mashini mbili za oksijeni, etiketi ya kijani, zimeibwa. Mashini mbili za oksijeni, etiketi nyekundu, zimekufa, zifutwe, ziharibiwe. Kamati ikasaini. Mfadhili akakubali. Mimi nikaletewa karatasi hiyo na amri ya kutafuta nyundo.

Nikampigia simu.

"Mkuu, hizo mbili ni nzima."

"Picha inaonyesha nyekundu."

Nikamweleza habari ya etiketi. Alinisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Halafu akaniuliza, kwa upole, kama ninajua ni malojistisien wangapi wanaompigia wakati mradi unafungwa kumwambia kwamba kilichoandikwa hivi ni vile.

"Wanaokupigia wanasema kizima ni kibovu, ili wakinunue kwa bei ya kibovu," nikamwambia. "Mimi nakuambia kibovu ni kizima. Mwizi gani anapandisha bei ya kitu?"

"Mwizi mwerevu," akasema.

Nikamtumia video ya mashini ikiwaka na kupuliza. Akajibu kwamba mashini inaweza kuwaka na kupuliza upepo mtupu. Kinachohitajika ni kipimo cha usafi wa oksijeni. Alikuwa na haki. Kipimo kilikuwa kwenye kabati la dawa, na kabati la dawa lilikuwa mtaani. Nikamkumbusha karatasi ya fundi, ile ya vipimo, inayotaja kila mashini kwa namba ya kiwandani: hizi mbili zilipimwa, zikakubaliwa. Akasema karatasi ya fundi ni ya kabla ya matukio na picha ni za baada ya matukio, na uhakiki wa mwisho ndio unaoshinda.

"Nitafutie ushahidi kwamba etiketi zilibadilishwa," akasema. "Mashini yenye namba ambayo fundi aliihukumu, ikiwa na kijani. Nikiiona hiyo kabla ya mwisho wa mwezi, nabadilisha mstari. Baada ya hapo faili linafungwa na mimi pia sipo."

Kumbe naye alikuwa kwenye orodha ya kufutwa.

*

Nimesema oksijeni, lakini sijasema ilikuwa ya nani. Kituo kimoja cha afya upande wa Mugunga kilikuwa na mama titulere, yaani muuguzi mkuu wa kituo, mwanamke wa sauti ndogo na viatu vya plastiki. Kambi za waliokimbia vita zilizokuwa pale zilikwisha kubomolewa, lakini watoto hawakubomolewa. Walirudi kwenye kituo kilekile na vifua vilevile. Mashini yake iliibwa. Alikuwa na sahani za jua juu ya paa zilizosalimika kwa sababu paa lilikuwa bovu na wezi waliogopa kuanguka. Umeme anao, watoto anao, mashini hana. Alikuwa ananipigia kila asubuhi.

"Papa, bado?"

"Bado, mama."

"Zibebe tu kwenye mototaxi, unifikishie. Nani atakuona?"

Nilijaribu kumweleza. Siku hizo watu wa mtaa na wenye mamlaka mapya walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba wakikusanya vitu vya wizi. Mashini yenye namba ya shirika, bila karatasi ya kukabidhiwa, ni mashini ya wizi, na anayekutwa nayo ni mwizi. Zaidi ya hapo, bila picha za uharibifu faili halifungwi, na faili lisipofungwa muzee mlinzi hapati haki zake za mwisho. Mtu mmoja avute hewa, mwingine akose chakula. Nilizungusha hesabu hiyo pande zote, haikukubali.

"Sasa sheria yenu inasema tuvunje chenye kiko kizima?"

"Sheria inasema tuvunje kilichokufa, mama. Karatasi ndiyo inasema hiki kimekufa."

Nyuma yake nilisikia mtoto akikohoa, kikohozi kile kifupi, kavu, cha asiye na nafasi ya kukohoa zaidi.

"Papa," akasema, "huyu hajui kusoma karatasi."

*

Nikaenda sokoni. Soko la vitu vya wizi mjini kwetu halina kibao lakini halina siri pia. Unaulizia kitu kama unavyoulizia vitunguu, mtu wa kwanza anakutuma kwa wa pili. Mashini ya kwanza niliifuatilia mpaka kwa fundi wa redio aliyekuwa ameichinja. Kompresa aliuza Rutshuru, nyaya za shaba aliuza kwa kilo, ganda la plastiki lilikuwa limegeuka kiota cha kuku. Ile bati ndogo yenye namba ya kiwandani hakuiona hata yeye. Labda ilikwenda na shaba. Nilipekua kinyesi cha kuku kwa kijiti mbele ya watu. Kisha nikapekua mara ya pili.

Mashini ya pili ilikuwa kwa mama wa fufu. Yule yule wa kwenye geti letu.

Nilimkuta kwake, nyuma ya mtaa wetu, nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano. Nikamsalimia Kinande, "Wavukire," maana wote wawili kwetu ni Butembo, nikidhani lugha ya nyumbani itapunguza bei. Akaitika kwa heshima zote na akanikaribisha niketi. Mashini ilikuwa katikati ya chumba, imevikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake vikombe. Etiketi ya kijani ilichungulia pembeni.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya ile meza yako."

"Ile si meza, papa. Ile ni mashini ya lopitali." Alisema kwa fahari. "Niliichunga. Wengine baliuza byao saa ileile. Mimi nilisema, wenyewe batakuja."

"Tumekuja. Mungu akubariki. Basi nitaibeba."

"Utaibeba na nini?"

"Na mototaxi."

"Na pesa gani, nasema."

Tukaanza. Mimi nimekulia katika kupatana bei. Marehemu mama yangu aliweza kumfanya muuza ndizi aombe msamaha. Lakini siku ile nilikuwa ninapigana na mikono imefungwa. Alitaka dola mia sita. Nikamwambia mia sita ni bei ya mashini nzima.

"Na hii iko nini?"

Hapo nikajikwaa. "Hii... mama, hii imechoka."

"Imechoka?" Akatoa vikombe kimoja kimoja, akakunja kitambaa, akaigeuza mashini ili etiketi initazame usoni. "Hii rangi iko gani?"

"Kijani."

"Kijani kwenu iko nini? Nimekaa kwa geti yenu miaka, papa. Nimepika wapakuzi wenu. Nyinyi benyewe mulitufundisha: kijani muzima, nyekundu maiti. Leo kijani imekuwa imechoka? Munande na Munande, unataka kunidanganya mimi?"

"Tulibadilisha etiketi, mama. Kabla ya wezi... kabla watu hawajaja. Hii ni mfu. Ichomeke kwenye umeme uone."

"Umeme gani?" akauliza, na majirani waliokuwa wamejaa mlangoni wakacheka, kwa sababu mtaa mzima haukuwa na umeme tangu vita vifike.

Mwanamume mmoja pale mlangoni akasema, "Papa huyu ni mujanja sana. Anasema mashini ni mfu lakini amekuja na miguu yake kuitafuta. Mutu anatafuta maiti ya nini?"

"Ya kuzika," nikajibu.

"Basi lipa kilio," akasema mama wa fufu, na mchezo ukaisha. Wote walicheka, mimi nilicheka nao, na ndani yangu nilijua nimeshindwa. Uwongo niliomfunza mwenyewe ulikuwa umekaa juu ya ile mashini unapanga bei. Ningemwambia ukweli mara mia, kila mara ungesikika kama ujanja wa kushusha bei. Ningemtishia kumpeleka kwa wenye mamlaka, mashini ingelala ziwani kabla sijafika kwenye kona, na yeye angelala mahali pabaya zaidi. Isitoshe, mume wake alikuwa amekwama Beni na biashara yake, barabara imefungwa, na ndani ya nyumba niliona sufuria moja ikiwa juu ya mawe bila moto. Si kwamba alikuwa ananinyonya. Alikuwa na mali moja tu.

Tulifika dola mia mbili na arobaini. Sikuwa nazo. Mishahara ilikuwa imesimama, benki zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa na pikipiki yangu mwenyewe, si ya shirika, yenye gia ya tatu inayoruka. Niliiuza alasiri ileile kwa mtu aliyejua kwamba nina haraka. Hapo pia nilikuwa upande mbaya wa bei: mimi ndiye nilisema ni nzima, yeye ndiye alisema imechoka, na aliyesema imechoka ndiye alikuwa na pesa.

Mama wa fufu alizihesabu. Nikazihesabu tena mbele yake. Akanisaidia kuifunga mashini kwenye mototaxi, akairudisha etiketi iliyokuwa inabanduka kwa kidole chenye mate.

"Itaokoa batoto," akasema.

"Itaokoa, mama." Na kwa namna fulani sikumdanganya.

*

Tukaiweka kwenye hangari, mfu yenye kijani kando ya mzima yenye nyekundu. Nikapiga picha: etiketi, namba ya kiwandani, karatasi ya fundi ikiwa imeshikwa na muzee chini yake ili vyote vitatu visomeke pamoja. Tukawasha grupe kwa mafuta yaliyobaki, nikarekodi moja ikinyamaza na nyingine ikipumua. Nikatuma na maelezo pamoja, safari hii, katika barua moja. Hilo nilikuwa nimejifunza.

Jibu lilikuja siku ya mwisho ya mwezi, asubuhi. Mstari mmoja umebadilishwa. Mashini iliyookolewa: imerudi, ni mfu, ifutwe. Mashini nzima moja: ikabidhiwe kituo cha afya. Karatasi ya kukabidhi imeambatanishwa, isainiwe nakala tatu.

Nikampigia. "Na ya pili, mkuu?"

"Ya pili ushahidi wake uko wapi?"

"Ushahidi ni huohuo! Kama tulibadilisha moja, tulibadilisha zote mbili. Zilikuwa nne tu!"

"Huenda. Kila mstari una ushahidi wake." Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu. "Umenipa mashini moja ya kijani. Nimekupa mstari mmoja. Ukiniletea bati ya namba ya ile nyingine kabla ya saa kumi na moja jioni, nitabadilisha na huo. Baada ya saa kumi na moja hata neno la siri la kompyuta hii si langu."

Nilirudi kwa fundi wa redio. Nilikwenda kwa yule aliyemuuzia shaba, ambaye aliniambia, bila ubaya, kwamba shaba yote imekwisha kuvuka mpaka.

Kwa mashahidi walitakiwa watu watatu: mimi, mlinzi, na mtu wa kituo kinachopokea. Kwa hiyo mama titulere alikuja Himbi kwa mototaxi kuchukua mashini yake, na kusaini kwamba ameona nyingine ikivunjwa. Alifika na gunia la kuifunika. Alisaini nakala tatu za kwanza. Halafu akaiangalia ile nyingine yenye nyekundu.

"Iwashe," akasema.

"Mama, mafuta ni ya robo saa."

"Robo saa inatosha."

Muzee akavuta kamba ya grupe. Mama titulere akaomba kikombe cha maji, akazamisha ncha ya bomba ndani yake. Maji yakaanza kuchemka bila moto, mapovu madogo madogo, sawasawa, moja baada ya jingine. Tulisimama watu watatu wazima tukitazama kikombe. Grupe likakohoa, likazima, mapovu yakaisha.

Nikampa muzee nyundo. Akaweka mikono nyuma.

"Mimi kazi yangu ni kulinda," akasema.

Nikafungua kwanza ganda, nikatoa filta na mabomba na kile kichupa cha kulowanisha hewa, nikamkabidhi mama titulere ndani ya mfuko wa plastiki. Filta haina mstari katika daftari. Kisicho na mstari hakiwezi kufutwa. Hiyo ndiyo hila pekee iliyonibakia mjini hapa. Halafu nikakata waya wa umeme, nikapiga kompresa, nikapiga zile silinda mbili zinazochuja, mpaka unga mweupe ukamwagika sakafuni. Nikavunja na ile mfu, maana nayo ilikuwa kwenye orodha. Nilipomaliza, na bati zote mbili za namba zikiwa zimegeuzwa juu kwa ajili ya picha, nilitazama yale marundo mawili na sikuweza kujua lipi lilikuwa hai. Nilisoma namba ili kujua. Nikasoma mara ya pili.

Picha zilikwenda kabla ya saa kumi na moja. Faili likafungwa. Muzee alipata haki zake, baada ya muda, mikononi mwa mtu aliyezileta kutoka ng'ambo ya mpaka. Mimi niliandika kuomba nirudishiwe dola mia mbili na arobaini. Waliuliza faktura, yaani karatasi ya muuzaji. Kisha hakukuwa na mtu wa kuuliza.

Mama titulere bado ananipigia asubuhi. Mashini moja inafanya kazi, tangu siku ileile. Juzi alikuwa na watoto wawili kwa wakati mmoja, wa Sake na wa hapohapo Mugunga, na alikuwa akihamisha bomba kutoka pua hii kwenda pua ile, akihesabu kwa sauti, na mama wa kila mmoja akihesabu naye. Kulikuwa na kigawanyio, alinikumbusha, kile kidude kidogo chenye matundu kinachogawa oksijeni ya mashini moja kwa watoto kadhaa. Kilikuwa kwenye lile kabati la dawa lililoibwa. Hakina etiketi, hakina rangi, aliyenacho huenda hata hajui ni nini.

"Papa," akasema, "wewe unajua lile soko. Nikikiona kwa mutu, niseme kiko cha nini? Na nianzie bei gani?"